Mabaka ya mgongoni yanayorudi msimu wa joto: namna ya kuyatibu na kuyazuia

Mabaka haya husababishwa na fangasi wa jamii ya hamira aitwaye malasezia. Karibu kila mtu mzima anaye kwenye ngozi, naye hula mafuta ambayo ngozi yenyewe huyatoa, ndiyo maana hupenda mgongo, kifua, shingo na mabega. Joto, jasho na mafuta vikizidi, hubadilika umbo, akaota nyuzi na kuanza kushambulia tabaka la juu kabisa la ngozi. Kwa hiyo hukuambukizwa na mtu, wala si uchafu.

Hatua ya 1: Kwaruza kabla ya kununua dawa

Fanya hivi ngozi ikiwa kavu, kabla ya kuoga na kabla ya kupaka mafuta. Mwombe mtu wa nyumbani alivute baka kwa vidole viwili, kisha alikwaruze taratibu kwa ukucha. Fangasi akiwa hai, utatoka unga mwembamba kama wa chaki, hata kama baka lilionekana laini. Baka jeupe pe lisilotoa unga linaweza kuwa ugonjwa mwingine. Na baka lililofifia ambalo halihisi mguso wa pamba au ncha ya kalamu lipeleke kituo cha afya upesi, kwa sababu hiyo ni dalili ya ukoma.

Hatua ya 2: Tibu kiwiliwili kizima

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Nilimhudumia kijana mcheza mpira aliyekuwa akipaka krimu ya klotrimazoli juu ya kila baka aliloliona kwenye kioo. Kifua kilipona. Mgongoni mkono haukufika, na katikati ya mabaka kulikuwa na fangasi ambao bado hawajaonekana. Baada ya wiki chache za mazoezi, akawa amerudi alikoanzia.

Nilimwandikia shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Alilowanisha mwili, akaipaka kuanzia shingoni hadi kiunoni pamoja na mikono ya juu, akaiacha dakika 5, kisha akasuuza. Alifanya hivyo mara moja kwa siku, kwa siku 5. Nyingine inayofaa ni losheni ya seleniamu salfaidi ya asilimia 2.5: dakika 10 kila siku, kwa siku 7. Hii ina harufu na huweza kuwasha, basi usiipake penye michubuko. Krimu waachie wenye mabaka machache wanayoyafikia kwa mkono.

Vidonge ni kwa walioenea sana au walioshindwa na dawa za kupaka, na viandikwe na daktari. Vidonge vya ketokonazoli visitumike kabisa kwa tatizo hili, kwani vinaweza kudhuru ini vibaya. Vya terbinafini navyo havisaidii hapa. Mjamzito aulize kwanza kabla ya kutumia dawa yoyote kati ya hizi.

Hatua ya 3: Usihukumu dawa kwa rangi

Wiki tatu baadaye kijana alirudi amekata tamaa: mabaka bado yanaonekana. Nikakwaruza, hakuna unga hata chembe. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake. Malasezia hutoa kemikali zinazozuia seli za ngozi kutengeneza rangi, na zikishazuiwa, seli hizo huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kurudi kwenye kazi yake. Kwa wengine baka huwa la kahawia, nalo pia hufifia polepole. Kuongeza dawa hakuharakishi rangi. Krimu za kujichubua na zile zenye steroidi ndizo ninazozikataza kwa nguvu zote: steroidi hupunguza kinga ya ngozi na kumpa fangasi nafasi ya kuenea.

Ukikwaruza na unga bado unatoka mwezi mmoja baada ya tiba, hapo sasa rudi kwa mtaalamu. Achukue unga huo autazame kwa hadubini.

Hatua ya 4: Panga kuzuia kabla joto halijaanza

Dawa hupunguza malasezia, haimwondoi moja kwa moja, kwa sababu ni mkazi wa ngozi. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya wagonjwa hurudiwa ndani ya miaka miwili. Kijana wetu nilimpa utaratibu huu: shampuu ileile, dakika zilezile, mara moja kwa mwezi, na katika miezi ya joto kali, mara moja kwa wiki. Aoge mapema baada ya mazoezi, avue jezi iliyolowa, na asipake mafuta mazito mgongoni. Kuoga pekee hakutoshi kwa aliyekwisha kurudiwa mara kadhaa. Hiyo shampuu ya kila mwezi ndiyo inayofanya kazi kubwa, na ndiyo watu huiacha kwanza ngozi ikishakuwa safi.