Somo: Asubuhi Moja Mji Mkongwe kwa Mgeni Anayejua Kiswahili

Somo hili nimeliandika kwa wageni wanaotoka Bara, Kenya au Kongo, ambao wanaijua lugha lakini hawajapata kukaa Unguja. Nitafuata matembezi ya asubuhi moja ya familia yenye baba, mama na watoto wawili, kutoka Darajani hadi Mkunazini.

Hatua ya kwanza: salamu barazani

Ukiingia vichochoroni utawakuta wazee wamekaa kwenye baraza za mawe mbele ya nyumba. Kupita kimya mbele yao huhesabiwa utovu wa adabu, hata kama una haraka. Baba wa familia yetu apunguze mwendo, aseme "Shikamooni wazee," angoje "Marahaba," kisha ajibu habari atakazoulizwa kabla ya kuuliza njia. Swali la njia lisitangulie salamu, kwani anayeulizwa hivyo huona ametumiwa kama kibao cha barabarani. "Mambo" na "Niaje" ziachwe kwa vijana wa rika moja.

Mwanamume asitangulize mkono kumpa mwanamke asiyemjua, wala mwanamke kwa mwanamume. Mwenyeji akiuweka mkono wa kulia kifuani, hiyo ndiyo salamu yake kamili, nawe uirudishe hivyo hivyo.

Hatua ya pili: Mkunazini

Kanisa Kuu la Kianglikana lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule lilipofungwa soko la watumwa lililokuwa hapo. Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru nyeupe, panaposimuliwa kuwa ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Nje, ndani ya shimo, kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo. Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea: watoto hushuka shimoni, au mtu mzima huishika minyororo akitabasamu ili apigwe picha. Mama awaeleze watoto kabla ya kufika kwamba mahali hapa ni pa kumbukumbu ya mateso, kwa hiyo picha za sanamu zipigwe kutoka juu, bila mizaha. Kanisa lenyewe bado ni la ibada. Ikiwa misa inaendelea, subirini nje mpaka imalizike.

Mavazi ya matembezi yote yafunike mabega na magoti, kwa wanaume pia. Kanga moja ndani ya mkoba humtosha mama kujisitiri pale anapohitaji. Msikitini msiingie bila kukaribishwa. Mkikaribishwa, vueni viatu mlangoni, na msikatize mbele ya anayesali. Kabla ya kumpiga mtu picha, semeni "Naomba ruhusa nikupige picha," na akikataa, msimwombe mara ya pili.

Hatua ya tatu: bakshishi

Bakshishi si deni, bali ni shukrani ya kazi iliyofanywa vizuri. Kwa matembezi ya saa mbili au tatu, naona shilingi elfu kumi hadi ishirini kutoka kwa familia nzima ni heshima ya kutosha kwa mtembezaji. Itolewe mwisho, kwa mkono wa kulia, noti zikiwa zimekunjwa, pamoja na neno la asante, na isitangazwe mbele ya wengine. Shilingi ndizo bora: sarafu za chuma za kigeni haziwezi kubadilishwa kwenye maduka ya fedha, na dola iliyochanika huweza kukataliwa, hivyo mpokeaji hubaki na kitu kisichomfaa. Mkahawani someni kwanza risiti, maana huenda malipo ya huduma yameshaongezwa. Mtoto anayeomba fedha vichochoroni asipewe, kwa sababu anayezoea kupata huko huanza kukosa kwenda chuo cha Kurani na skuli.

Maswali ya wasomaji

Msomaji wa Mwanza: Mimi ni Mkristo. Je, nitoe "Asalaam aleikum"?

Jibu: Hulazimiki, "Hujambo" au "Habari za asubuhi" zinatosha. Lakini ukisalimiwa hivyo, itikia "Waaleikumu salaam," wala hakuna atakayeona umevuka mpaka.

Msomaji wa Nairobi: Hoteli ilitutafutia mtembezaji na tukailipa yote. Je, bakshishi bado inafaa?

Jibu: Inafaa mkiridhika naye, kwani fedha mliyolipa hotelini haimfikii yote. Mkabidhini yeye mwenyewe badala ya kuiacha mapokezi. Kwenye jahazi la matembezi, mpeni nahodha mbele ya mabaharia, mkisema wazi kuwa ni ya wote, ili mgawanyo usizue manung'uniko.

Msomaji wa Dodoma: Tutafika katika mwezi wa Ramadhani na watoto wadogo. Tufanyeje kuhusu maji na chakula?

Jibu: Watoto wadogo hawafungi, na wenyeji wanalifahamu hilo, lakini wanywesheni na kuwalisha ndani ya hoteli au pembeni, si njiani. Watu wazima msile, msinywe wala kuvuta sigara hadharani mchana. Mikahawa mingi ya mitaani hufungwa mchana, kwa hiyo pangeni chakula hotelini, na matembezi myaanze asubuhi mapema. Jioni, mkialikwa kufuturu, fikeni kabla ya adhana ya magharibi, mkiwa na tende au matunda mkononi.