Kuhariri mahojiano kwa simu pekee: oanisha sauti kwanza, kata baadaye

Mwongozo huu unahusu kazi moja mahususi. Umerekodi mahojiano ya dakika 12 kwa simu, sauti ukainasa kwa simu ya pili iliyolazwa karibu na msemaji, na sasa unataka video safi ya dakika 3. Kompyuta huna. Kazi hii simu inaiweza vizuri, ila ina mtego mmoja unaowakwamisha wengi: sauti iliyo kwenye faili lake peke yake. Vitufe nitakavyovitaja ni vya CapCut kwa Kiingereza. VN, InShot na KineMaster zina vitufe vya kazi hiyo hiyo, hata kama vimekaa pengine.

Hatua ya 1: Pima nafasi, kisha ijaribu programu

Video ya 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde hula takriban MB 130 kwa dakika katika simu nyingi zinazotumia mfumo wa kubana video wa H.264. Kwa hiyo dakika 12 ni kama GB 1.6. Klipu 20 za kufunikia mikato, za sekunde 8 kila moja, zinaongeza karibu MB 350. Faili la kati tutakalotengeneza kwenye hatua ya 3 litafika GB 1.8, na video ya mwisho kama MB 270. Jumla ni GB 4. Programu nayo huandika mafaili yake ya muda wakati wa kutoa video kwa `Export`, kwa hiyo usianze kazi hii ukiwa na nafasi pungufu ya GB 8. Simu iliyojaa mara nyingi haitoi onyo la maana. Utaona tu utoaji umekwama kwenye asilimia fulani, au programu imejifunga yenyewe.

Kabla ya kuhariri chochote, fungua mradi wa sekunde 10 wenye klipu moja, sauti moja na mstari mmoja wa maandishi, kisha bonyeza `Export`. Tazama matokeo mpaka mwisho. Hapo ndipo utakapogundua kama toleo la bure linabandika nembo, linaongeza kipande chake mwishoni, au linadai malipo kwa fonti uliyoichagua. Ni heri ulijue hilo sasa kuliko baada ya saa nne za kazi.

Hatua ya 2: Rekodi ukijua utahariri kwa simu

Weka simu ya picha kwenye hali ya ndege, maana simu ikiingia katikati inaweza kukatisha rekodi. Kwenye iPhone zima `HDR Video`, la sivyo rangi zinaweza kutoka zimepauka au zimewaka kupita kiasi ukishahariri. Hakikisha pia mwanga unatosha. Gizani simu nyingi hupunguza zenyewe idadi ya fremu kwa sekunde, na miondoko inaanza kurukaruka.

Simu ya sauti iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, nje kidogo ya fremu. Washa zote mbili, halafu piga kofi moja kali mbele ya kamera, viganja vikionekana. Mahojiano yakiisha, piga jingine kabla ya kuzima. Kofi la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na faida yake utaiona sasa hivi.

Hatua ya 3: Oanisha sauti na picha, kisha vitoe kama faili moja

Hapa ndipo penye mtego. Kwenye kompyuta unaweza kuzifunga picha na sauti pamoja ili ukikata moja na nyingine ikatike. Kwenye programu nyingi za simu, `Split` hukata kile ulichokichagua tu. Ukikata picha mahali 40, itabidi uikate na sauti mahali hapo hapo 40, kwa kidole, kwenye kioo kidogo. Ukikosea mara moja, kila kinachofuata kinahama na midomo haiendani tena na maneno.

Dawa yake ni kuyamaliza mambo ya sauti kabla ya mkato wa kwanza. Fungua mradi mpya, weka video nzima bila kuipunguza, kisha ingiza faili la sauti chini yake. Sogea hadi kwenye kofi la kwanza na utanue mstari wa muda kwa vidole viwili mpaka uione fremu moja moja. Tafuta fremu ambayo viganja vinagusana, halafu buruta sauti hadi mlima mkali wa wimbi lake ukae hapo.

Sasa acha sauti zote mbili, ya kamera na ya simu ya pili, zisikike pamoja, na usikilize kwa visikilizio vya masikioni. Ukisikia mwangwi, yaani kila neno linajirudia, bado hujapata: sogeza sauti fremu moja kushoto au kulia ujaribu tena. Fremu moja ni milisekunde 33. Ikibaki sauti yenye uvungu tu, kama ya mtu anayesemea ndani ya pipa, umefika. Uvungu huo hutokea kwa sababu kamera iko mbali zaidi na mdomo. Kwa umbali wa mita 2 sauti huchelewa kama milisekunde 6, muda ulio chini ya fremu moja, na hakuna jicho litakalouona.

Kisha nenda kwenye kofi la mwisho na usikilize tena. Mwangwi ukiwa umerudi huku mwanzo uko sawa, maana yake saa za simu hizo mbili hazitembei kwa mwendo mmoja. Hilo ni la kawaida. Tafuta mahali katikati ambapo msemaji amenyamaza, kata sauti hapo, na uisogeze nusu ya pili mpaka mwangwi uondoke. Pengo la fremu mbili ndani ya kimya halisikiki.

Ukiridhika, chagua klipu ya video, ingia `Volume` na uishushe sauti ya kamera hadi 0. Toa mradi mzima kwa 1080p, fremu 30, na kiwango cha megabiti 20 kwa sekunde kama programu inakuruhusu kukichagua. Faili hili utalihariri na kulitoa tena, na kila utoaji hula ubora kidogo, ndiyo maana tunalipatia kiwango kikubwa.

Kutoa dakika 12 huipasha simu moto. Ichaji mapema, kisha ichomoe chaja, vua kava na uiweke juu ya kitu kigumu. Simu iliyopata moto hujipunguzia kasi, na kuchaji huongeza joto juu ya joto. Usitoke kwenye programu wala usiache kioo kizime, kwa kuwa simu nyingi husimamisha kazi iliyoachwa nyuma.

Hatua ya 4: Kata maneno tu

Fungua mradi wa pili kwa faili ulilolitoa. Sasa picha na sauti ni kitu kimoja, na kila `Split` inakata vyote viwili. Anza kwa kuondoa makubwa: maswali, marudio, majibu yaliyopotea njia. Yakibaki kama dakika 5, rudi mwanzo upunguze sentensi kwa sentensi.

Kuwa makini na mwanzo wa maneno. Neno linaloanza kwa "m" au "n", kama "mbegu" au "ndiyo", huanza chinichini na wimbi lake ni dogo sana. Ukikata pale wimbi linapoanza kupanda, herufi ya kwanza inaliwa na msikilizaji anabaki na "begu". Acha fremu 3 au 4 kabla yake. Mwishoni mwa sentensi acha pumzi iishe. Mkato unaopita katikati ya pumzi unasikika hata kwa mtu asiyejua kuhariri.

Usiguse picha za kufunika, muziki wala maandishi mpaka maneno yamekamilika kabisa. Ukiyaweka mapema kisha ukafuta sentensi iliyotangulia, baadhi ya tabaka hubaki zilipokuwa na nyingine husogea, na utaanza kuzipanga upya moja moja.

Hatua ya 5: Funika mikato

Kila ulipotoa sentensi, kichwa cha msemaji kitaruka. Weka hapo picha ya kufunika kupitia `Overlay`: mikono yake ikifanya kazi, kifaa anachokizungumzia, mahali alipo. Ianze nusu sekunde kabla ya mkato na iendelee sekunde 3 au 4. Zima sauti yake. Si lazima ufunike kila mkato. Mara nyingine kumkuza msemaji kwa asilimia 15 hadi 20 upande mmoja wa mkato kunatosha, na zaidi ya hapo picha ya 1080p inaanza kufifia.

Muziki, kama upo, uanze kwenye asilimia 10 ya sauti yake na uupime kwa visikilizio. Spika ya simu haitoi besi vizuri, kwa hiyo mngurumo wa feni au jenereta hutausikia mpaka mtu aifungue video kwenye redio kubwa.

Hatua ya 6: Toa, kagua, tuma

Kwa dakika 3, 1080p kwa megabiti 12 kwa sekunde inatosha. Kuchagua 4K wakati ulirekodi 1080p kunaongeza uzito tu. Itazame video iliyotoka ukiwa kwenye galari, si ndani ya programu, kwa kuwa kasoro za utoaji zinaonekana kwenye faili lenyewe pekee. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama `Document`. Ukiituma kama video ya kawaida itabanwa na maandishi madogo yatafifia.

Simu inapogoma

Mbinu hii inafaa mahojiano ya hadi dakika 20 hivi. Yakizidi hapo, gawa: oanisha na utoe kila sehemu peke yake, kisha uziunge. Ukianza kuona picha inachelewa kufuata kidole, au tabaka zinapotea ukizigusa, mradi umeizidi simu. Toa ulichokimaliza kama faili na uendelee katika mradi mpya.

Kamera tatu zinazobadilishana, au rangi zinazotakiwa zifanane kabisa kati ya kamera tofauti, si kazi ya kuanza kwa simu. Kioo cha simu hubadilisha mwanga na rangi kulingana na mazingira, hivyo unarekebisha kitu ambacho kesho kitaonekana tofauti. Kama ni lazima, zima kwanza mwanga wa kujirekebisha na kichujio cha usiku.

Mradi wenyewe hauna usalama. Programu nyingi husoma klipu zako pale zilipo kwenye galari, kwa hiyo ukizifuta au kuzihamisha, mradi unafunguka ukiwa na mapengo. Ukiiondoa programu, au ukibonyeza `Clear data` badala ya `Clear cache`, mradi unaondoka nayo. Na kwa kawaida huwezi kuupeleka kwenye programu ya kampuni nyingine. Kwa hiyo toa nakala mbili za mwisho: moja yenye maandishi, nyingine bila maandishi wala muziki. Mtu akitaka jina lisahihishwe baada ya miezi sita, utaanzia kwenye hiyo ya pili.