Kukarabati jiko kwa awamu: linganisha kotesheni 3, afu tenga hela ya dharura

Nasimamia ukarabati wa nyumba hapa Dar, nawaelezea jiko moja la Tabata, nyumba ya zamani kidogo, mama mwenye nyumba alitaka kufanya kwa awamu 3 maana hela ilikuwa inaingia kidogo kidogo.

Hatua ya 1: panga awamu kabla hujaita fundi yeyote. Kinachofukiwa ukutani kinaanza, yani mabomba na wayaringi. Awamu ya pili plasta na vigae. Makabati na graniti mwisho kabisa, na fundi kabati apime vigae vikishabandikwa, akipima mapema kabati linagoma kuingia.

Hatua ya 2: andika orodha moja ya kazi uwape mafundi wote 3 ileile. Sisi hatukufanya hivo mwanzoni, kila mmoja akaleta ya kwake: wa kwanza milioni 4.8, wa pili 6.9, wa tatu 6.1. Mama akataka kumchukua wa kwanza palepale. Nikamwambia, "dada yangu subiri", tukae tuisome mstari kwa mstari. Kumbe huyo wa 4.8 hakuweka kubomoa na kutoa kifusi (350,000), hakuweka mabomba mapya (700,000) wala rangi (300,000). Ukijumlisha inafika milioni 6.15. Wa tatu alikosa usafiri wa vifaa tu, 150,000, akawa 6.25. Wa pili alikuwa na kila kitu ila bado ni ghali. Tofauti ya milioni 1.3 kati ya wa kwanza na wa tatu ikabaki laki moja! Tukamchukua wa tatu kwa sababu aliandika aina ya bomba na unene wa mbao za kabati, na alikubali kulipwa kila awamu ikiisha, wa kwanza alitaka nusu ya hela yote mkononi.

Hatua ya 3: hela ya dharura. Kwa nyumba ya zamani natenga asilimia 15, hapo ni kama 940,000, inakaa akaunti tofauti na fundi haambiwi ipo, akijua itaisha. Inatoka kwa kitu kilichokuwa kimejificha tu. Ukitaka koki nzuri zaidi hiyo siyo dharura, tafuta hela nyingine.

Na kweli, kubomoa tu tukakuta bomba la chuma limeoza mpaka kwenye ukuta wa bafu lililo jirani na jiko, ambalo halikuwa kwenye orodha. Piga picha kwanza, fundi aandike bei, ndo hela itoke. Ilikula 380,000.

Kabla ya plasta fungua maji ya mita, funga koki zote, soma mita usiku, asubuhi soma tena. Namba ikisogea kuna sehemu inavuja, usiruhusu kufukia. Yetu haikusogea, tukaingia awamu ya pili tukiwa na 560,000 ya dharura bado akaunti.