Somo: Maandishi ya video yasifunikwe na vitufe

Tuchukue video ya mashua inayotweka tanga mbele ya forodha ya Lamu, yenye maneno haya: "Manda, safari ya kutwa, chakula ndani." Wengi huyaweka chini, juu ya maji, kwa sababu pale pana nafasi. Lakini ndipo jina la akaunti na maelezo yanapokaa, na upande wa kulia kuna safu ya vitufe vya kupenda, maoni na kutuma. Neno "chakula" likizama pale, mgeni hatalisoma.

Kwanza, shika simu yako wima. Fremu ni pikseli 1080 kwa 1920. Kwa matangazo ya Reels, Meta hushauri uache wazi asilimia 14 juu, 35 chini na 6 kila upande. Kwa fremu yetu ni kama pikseli 270 juu na 670 chini. Chini pamekuwa pakubwa kwa sababu tangazo huongezewa kitufe chake, ila mimi hutumia kipimo hicho hicho kwa kila video, maana kwa juu na chini kinafaa hata TikTok.

Pili, na hapa ndipo penye kazi: ipange picha kabla ya kurekodi. Rudi nyuma kidogo mpaka maji yajaze theluthi ya chini. Maji yakifunikwa hakuna kinachopotea. Ubavu wa mashua ukae karibu na pikseli 1150 kutoka juu, na ncha ya foromali, ule mti unaobeba tanga, isipande kupita 500. Ukisogea karibu mno, ncha itagusa juu na maandishi hayatakuwa na pa kukaa.

Tatu, andika kati ya 290 na 480, mistari miwili, ukianzia kushoto. Vitufe vya kulia havifiki huko juu. Mbingu yetu ya mchana ni nyeupe mno, kwa hiyo weka kisanduku cheusi hafifu nyuma ya herufi nyeupe.

Mwisho, ipandishe kwanza TikTok ikiwa ya kuonekana na wewe peke yako, uitazame kwenye simu, ndipo uifungue kwa watu.

Maswali

*Mwalimu, yangu nimeipiga kwa ulalo, na mashua imeshaondoka. Nifanyeje?*

Usiikuze hadi ijaze skrini, utakata tanga. Ikiwa 16:9, kwa upana wa 1080 itakuwa na kimo cha karibu 608. Iweke kuanzia 500 hadi 1108, maandishi yabaki palepale juu yake.

*Bi mkubwa wangu wa Shela anauza mikoba ya ukili. Mbona kwenye ukurasa wake wa Instagram maneno ya juu hukatwa, na ndani ya video yanaonekana?*

Mwambie jalada huonyeshwa pale kwa 3:4, yaani 1080 kwa 1440. Hukatwa pikseli 240 juu na 240 chini. Ayashushe hadi 290, yatasalimika kote kuwili.