Somo: Kuandika mwaliko wa kujaza dodoso la utafiti

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma anayetaka kujua wakulima wa zabibu wa Hombolo hupoteza kiasi gani cha mavuno tangu vichala vinapokatwa hadi vinapomfikia mnunuzi. Dodoso lake analituma kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, kwa hiyo maneno machache yaliyo juu ya kiungo ndiyo pekee atakayosoma mkulima kabla ya kuamua kukigusa au kukipita.

Hatua ya kwanza: lengo. Lieleze kwa maneno ya mkulima mwenyewe. "Kutathmini upotevu wa baada ya mavuno" ni lugha ya pendekezo la utafiti. Mkulima anaelewa haraka zaidi ukisema "kujua zabibu ngapi huharibika kabla ya kuuzwa". Kisha taja matokeo yatatumika wapi, na useme wazi kwamba dodoso halihusiani na ushuru wala mikopo, kwa sababu mtu anayeulizwa kilo na bei kwanza hujiuliza nani ametumwa kumchunguza. Usiahidi soko wala bei nzuri.

Hatua ya pili: muda. Muda haukisiwi, unapimwa. Wape dodoso watu wanne au watano wanaofanana na walengwa, walijaze kwa simu zao wenyewe huku ukiangalia saa, kisha uandike muda wa aliyechelewa kuliko wote. Mimi niliwahi kuandika "dakika 5" kwa kujipima mwenyewe, niliyekuwa nayajua maswali yote kwa moyo. Wakulima walihitaji dakika 15, na wengi waliishia katikati, pale walipotakiwa kukumbuka kilo za msimu uliopita. Swali la namna hiyo litaje kwenye mwaliko, ili mtu aje na daftari lake la mauzo.

Hatua ya tatu: faragha. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, nami naomba msipitie harakaharaka. Kutojulikana na kutunziwa siri ni ahadi mbili tofauti. Ya kwanza ina maana kwamba hata mtafiti hawezi kujua nani alijibu nini. Ya pili ina maana kwamba anajua, lakini hatamwambia mtu. Ukiuliza namba ya simu, huwezi tena kuahidi ile ya kwanza. Hata bila jina, mkulima anaweza kutambulika: ukiuliza kitongoji, jinsia, umri na ukubwa wa shamba kwa pamoja, mwanamke mwenye miaka 62 na ekari 7 katika kitongoji kidogo atajulikana na jirani yeyote atakayesoma jedwali lako. Uliza umri kwa makundi, na uache kitongoji kama hukihitaji. Katika Google Forms, hakikisha sehemu ya `Collect email addresses` imewekwa `Do not collect`. Kumbuka pia kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka mtu aelezwe madhumuni kabla taarifa zake hazijakusanywa.

Hatua ya nne: mwisho wa kupokea majibu. Taja siku, tarehe na saa. Epuka "Ijumaa saa 6 usiku", kwa kuwa mmoja ataelewa usiku wa kuamkia Ijumaa na mwingine usiku wa kuamkia Jumamosi. Saa 12 jioni haina utata huo. Muda wenyewe uishe kabla ya mavuno ya Agosti na Septemba, ambapo mkulima hana nafasi.

Mwaliko kamili:

> Ndugu mkulima, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Natafuta kujua zabibu ngapi huharibika kabla ya kuuzwa, kwa ajili ya ripoti yangu ya masomo, na muhtasari wake nitauleta katika kundi hili. Maswali hayahusu ushuru wala mikopo. Kujaza huchukua dakika 15. Ukiwa na daftari la mauzo itakuwa rahisi zaidi. Sitaomba jina wala namba ya simu. Kushiriki ni hiari. Mwisho ni Ijumaa, 26 Juni 2026, saa 12 jioni.

Maswali yenu kuhusu somo hili

*Mwalimu, nitamkumbushaje ambaye hajajaza ilhali siwajui waliojaza?*
Tuma ujumbe mmoja kwa kundi zima siku tatu kabla ya mwisho, ukianza kwa kuwashukuru waliokwisha kujaza.

*Nimeahidi vocha kwa washiriki, nami nahitaji namba zao. Nifanyeje?*
Tengeneza fomu ya pili ya namba tu, na kiungo chake kionekane baada ya mtu kutuma majibu. Usiziunganishe fomu hizo mbili, na ufute namba ukishatuma vocha.

*Mshiriki akitaka majibu yake yaondolewe?*
Kama hajulikani, huwezi kuyapata ili uyaondoe. Ongeza kwenye mwaliko: "Unaweza kuacha wakati wowote kabla ya kutuma; ukishatuma, majibu hayawezi kuondolewa kwa sababu hayana jina."