Mlangoni pananipa picha safi kuliko flashi

Nimejaribu jana na simu ya kawaida tu: ukimpiga mtu picha mchana, msimamishe ndani hatua moja kutoka mlangoni akitazama nje, taa ya ndani zima, we kaa nje kidogo pembeni usimzibie mwanga. Uso unapata mwanga laini wa anga, na chumba nyuma yake kinaingia giza kwahiyo ndoo na makapu hayaonekani. Gusa uso kwenye skrini ushikilie mpaka fokasi ijifunge, bana viwiko mbavuni, halafu piga kwa kitufe cha sauti maana kugonga skrini kunatikisa simu. Jua likiingia moja kwa moja mlangoni haifai, vivuli vinakata uso, na ukuta wa jirani ukiwa kijani basi na sura inapata ukijani.