Ndugu mkipanga nyumba moja, kodi ifuate chumba, bili zifuate vichwa

Mkiwa ndugu mnapanga pamoja mjini msigawane kila kitu sawasawa kisa tu mmezaliwa tumbo moja. Kodi ifuate chumba. Mwenye masta alipe zaidi, na kujua ni kiasi gani ni rahisi tu, pandisheni kidogo kidogo mpaka abaki mmoja anayekitaka, hiyo ndo bei yake, inayobaki wanagawana wengine. Umeme, maji na gesi vifuate vichwa, na hapa ndo wageni wanapoleta ugomvi, maana mgeni wa wikiendi hana shida ila akipitiliza wiki ahesabiwe kama mkaaji. Mfano mko watatu, shemeji kaja kukaa mwezi, bili igawanyeni kwa 4 na aliyemleta alipe mafungu 2. Hili lisemeni kabla hajaja mtu yeyote aisee, ukilisema mgeni yuko sebuleni itaonekana unamfukuza.

Na kazi za ndani, mdogo wenu asigeuzwe hausigeli kisa hachangii. Kama kaka anamlipia kodi basi kubalianeni wazi anafanya nini badala yake, siku akipata ajira mnapanga zamu upya na wote mnaingia.